Nani hasa hupanga bei ya dola? Na kwa nini sarafu ya nchi inashuka hata benki kuu ikisema ina akiba ya kutosha?

Mchungwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Nina swali ambalo limenisumbua kwa muda.

Kila asubuhi benki kuu inatoa bei ya dola kwenye tovuti yake. Nilikuwa naamini kwamba kuna watu wanakaa mezani, wanakubaliana kuwa leo dola ni kiasi fulani, basi imekuwa sheria. Kama ndivyo, kwa nini wasiipange chini tu na kuiacha hapo? Na kama sivyo, hiyo bei inatoka wapi?

La pili: sarafu inaporomoka huku tunaambiwa akiba ya dola ipo na inatosha. Nataka kuelewa hayo mambo mawili yanawezekanaje kwa pamoja. Naomba anayejua anieleze taratibu, mimi si mtu wa uchumi.

---

Kilinge

Jibu ni fupi mkuu. Serikali ikichapisha pesa nyingi, pesa inakosa thamani. Ndiyo maana dola inapanda. Mengine yote ni maneno ya kuwachanganya wananchi.

---

Jogoo la Alfajiri

Mimi naona tatizo ni sifuri. Kuna nchi dola moja ni elfu mbili na ushee, nyingine ni mia na kitu. Hiyo ya elfu mbili ni dhaifu mara kumi na zaidi. Wafute sifuri tatu, sarafu itakuwa na nguvu kesho yake.

---

Mstaafu wa Dawati

Mchungwa, umeuliza vizuri. Nilikaa kwenye dawati la fedha za kigeni la benki ya biashara kwa miaka 19, kwa hiyo nitakueleza nilichokuwa nakifanya kwa mikono yangu.

Kwenye nchi ambayo sarafu yake imeachiwa soko, hakuna kikao cha kupanga bei. Bei ni namba ambayo mtu kama mimi anaitamka kwenye simu au kuiandika kwenye skrini, akiwa na hofu ya kuishiwa dola au ya kubaki nazo nyingi.

Chukua asubuhi moja. Natangaza kwamba nanunua dola kwa 100.00 na kuuza kwa 100.30. Mkononi nina dola laki 5. Saa tatu anakuja mteja mkubwa anayeagiza mafuta, anataka milioni 2, nami namuuzia kwa 100.30. Sasa nimeuza milioni 1.5 ambazo sina, na lazima nizipate kabla ya siku ya kukabidhi. Napiga simu benki ya kwanza, wananipa laki 5 kwa 100.35. Benki ya pili hawana. Ya tatu wanazo milioni 1, lakini wamesikia sauti yangu ina haraka, wanataka 100.60. Nachukua. Kwenye hiyo milioni 1.5 nimepoteza 325,000 za sarafu yetu ndani ya nusu saa.

Nafanya nini baada ya hapo? Nabadilisha tangazo langu: nanunua kwa 100.50, nauza kwa 100.90. Nia yangu ni moja tu, kumvutia mwenye dola aje kwangu na kumpunguza kasi anayezitaka. Wenzangu kwenye benki nyingine wanaona, nao wanasogeza zao. Kufikia saa sita sarafu imeshuka, na hakuna mtu aliyeamua ishuke.

Ile namba unayoiona kwenye tovuti ya benki kuu, mara nyingi ni wastani wa biashara za namna hiyo zilizokwisha kufanyika. Ni kama kipimajoto: kinakuambia homa ilivyo, lakini hakileti homa.

---

Mchungwa

Mzee, hapo umenifungua macho. Kumbe kila kitu kinategemea ni nani ana dola mkononi na nani anazitaka kwa haraka. Lakini benki kuu inakaa tu ikitazama?

---

Mstaafu wa Dawati

Haikai tu. Ina akiba, kwa hiyo inaweza kuingia sokoni na kuuza dola kama mchezaji mwingine yeyote, ila mwenye mfuko mkubwa. Nitakuja huko, maana ndiko swali lako la pili lilipo.

Kwanza nimjibu ndugu Jogoo, maana kosa lake hufanywa na wengi. Ukubwa wa namba hausemi nguvu wala udhaifu, kinachosema ni namba inavyosogea. Yeni ya Japani huhesabika zaidi ya mia kwa dola moja, na Japani si nchi maskini. Kuhusu kufuta sifuri, Ghana ilifuta nne mwaka 2007, sedi mpya ikaanza karibu sawa na dola moja. Mwaka 2022 ikapita 10 kwa dola. Sifuri zilifutwa kwenye karatasi, lakini mahitaji ya dola yalibaki palepale.

---

Jogoo la Alfajiri

Nimekuelewa mzee. Sikuwa najua hilo la Ghana.

---

Mama Vipuri

Samahanini kwa kuingilia. Mimi naagiza vipuri vya mashine za viwandani, nalipa kwa dola. Miezi mitatu iliyopita nilipeleka ombi la dola 80,000 benki yangu. Bei waliyobandika ukutani ilikuwa nzuri. Nikaambiwa, "Bei ndiyo hiyo mama, ila dola hatuna, jiandikishe kwenye foleni." Nilisubiri wiki sita. Mzigo ukakaa bandarini, tozo za kuchelewa zikanila faida yote. Mwishowe nilinunua mtaani kwa bei ya juu sana kuliko ile ya ukutani.

Swali langu: ninunue dola zote za mwaka sasa hivi kabla hazijapanda tena, au nisubiri?

---

Bahari7

Dada pole. Na mimi niko upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo. Kampuni yetu inauza nje, tunalipwa kwa dola. Nasema ukweli: tangu tuone bei inapanda kila wiki, bosi ameamuru tusibadilishe mpaka tuwe na mishahara ya kulipa. Ukikaa nazo wiki mbili unapata zaidi. Sioni kama tumefanya kosa.

---

Mstaafu wa Dawati

Bahari7 na Mama Vipuri, nyinyi wawili mmeeleza kitu ambacho wataalamu wengi hukisahau kwenye televisheni.

Tuseme nchi inaingiza dola milioni 400 kwa mwezi kutokana na mauzo ya nje, na waagizaji wanahitaji milioni 400 hizo hizo. Soko limetulia. Halafu hofu inaingia. Wauzaji nje kama Bahari7 wanachelewesha kubadilisha kwa wiki mbili, kwa hiyo mwezi huo zinafika sokoni milioni 200 tu. Waagizaji kama Mama Vipuri wanataka kununua na za mwezi ujao, mahitaji yanakuwa milioni 500. Pengo ni milioni 300, na nchi haijaagiza hata kontena moja zaidi, wala haijauza nje pungufu. Bidhaa ni zile zile, kilichohama ni siku.

Ndiyo maana sarafu inaweza kushuka kwa kasi ambayo takwimu za biashara haziwezi kuieleza. Na ndiyo maana pia siku hofu ikiisha huwa inapanda ghafla: waliokuwa wameficha wanauza zote kwa mpigo, na waliokuwa wamenunua za mbele hawana haja tena. Nimewahi kuona wiki moja ikifuta mteremko wa miezi miwili.

Hilo la bei kuwa ukutani na dola kukosekana, Mama Vipuri, ni dalili ambayo ningeifuatilia kuliko bei yenyewe. Maana yake kuna mtu anazuia namba isisogee, kwa amri au kwa kubembeleza. Bei ikizuiwa kupanda, aliye na dola haoni sababu ya kuzileta. Kinachopanda badala yake ni urefu wa foleni.

---

Kilinge

Bado nashikilia hoja yangu. Hofu inatoka wapi kama si kwa kuchapisha pesa?

---

Bi Hesabu

Kaka Kilinge, una nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzito. Nchi ambayo bei zake za ndani zinapanda kwa asilimia 20 kila mwaka huku za Marekani zinapanda kwa 2, sarafu yake itashuka tu. Ni suala la lini. Kwa muda wa miaka kumi, maelezo yako yanatosha karibu kabisa.

Lakini kuna sarafu zilizovunjika bila uchapishaji wa namna hiyo, na mfano ninaoupenda kufundishia ni Thailandi mwaka 1997. Serikali yake ilikuwa na ziada kwenye bajeti kwa miaka mfululizo. Mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 10, hakuna wazimu wowote hapo. Sarafu yao, bati, ilikuwa imefungwa kwenye kapu la sarafu lililotawaliwa na dola, na ilizunguka bati 25 kwa dola moja kwa miaka zaidi ya kumi.

Shida ilikuwa kwenye mikopo ya watu binafsi. Mwaka 1993 nchi ilifungua dirisha maalumu la kibenki kule Bangkok lililorahisisha kampuni na benki kukopa nje. Riba ya dola ilikuwa chini kuliko ya bati kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa kila mtu aliamini 25 ni 25 milele, walikopa dola, wakabadilisha kuwa bati, wakajenga majengo ya ofisi na makazi. Kodi ya pango inaingia kwa bati, deni linalipwa kwa dola. Mwaka 1996 mauzo ya nje yakakwama, na pengo la nchi katika biashara na malipo ya nje lilikuwa karibu asilimia 8 ya pato la taifa. Pengo hilo lilizibwa kwa mikopo ya nje, mingi ikiwa ya muda mfupi.

Hakuna mtambo wa kuchapa noti uliohusika hapo, kaka. Ni deni la sarafu moja na kipato cha sarafu nyingine.

---

Mchungwa

Bi Hesabu, asante. Sasa akiba yao ilikuwaje? Maana ndilo swali langu la pili.

---

Mstaafu wa Dawati

Niruhusu nilichukue hili Bi Hesabu, maana linahusu kazi ya dawati, na ni habari ambayo kila mwananchi anapaswa kuijua.

Walanguzi walipoanza kuishambulia bati, njia yao ilikuwa rahisi. Wanakopa bati, wanaziuza wapate dola. Bati ikishuka, watainunua kwa bei ya chini, walipe mkopo, wabaki na faida. Benki kuu ya Thailandi ikawa mnunuzi wa bati zote hizo, yaani muuzaji wa dola.

Hapo benki kuu ilikuwa na maumivu mawili. La kwanza, akiba ikipungua waziwazi, kila mtu ataona na atakimbia. La pili, kila ikiuza dola inapokea bati na kuziondoa kwenye mzunguko. Bati zikipungua riba inapaa, na benki na kampuni za fedha za ndani tayari zilikuwa zinayumba kwa mikopo mibovu ya majengo.

Kwa hiyo wakatumia mkataba wa kubadilishana wa pande mbili. Leo benki kuu inauza dola kuilinda bati. Leo hiyo hiyo inamwendea mtu mwingine na kumwambia: nipe dola zako sasa, chukua bati, na baada ya miezi kadhaa nitakurudishia dola kwa bei tunayokubaliana leo. Ukiangalia vitabu jioni, dola zilizotoka zimerudi. Bati zilizoondolewa kwenye mzunguko nazo zimerudi. Akiba inayotangazwa haijatikisika. Kilichobaki ni ahadi ya kutoa dola baadaye, na ahadi hiyo haikuonekana kwenye namba iliyotangazwa kwa umma.

Ni mkataba halali kabisa, benki kuu nyingi zinautumia kila siku. Hatari ni kuutumia kuficha kwamba unashindwa.

Katikati ya Mei 1997 shambulio likawa kubwa. Benki kuu ikazuia benki za ndani kuwakopesha bati watu wa nje, na kwa wiki chache ilionekana imeshinda, maana walanguzi waliokuwa wanahitaji bati walizipata kwa riba za kutisha. Lakini ahadi zilikuwa zimeshatolewa. Kufikia mwisho wa Juni akiba iliyotangazwa ilikuwa bado zaidi ya dola bilioni 30, huku ahadi za kutoa dola zikiwa zimefika bilioni 23.4. Toa moja kwa nyingine, kisha kumbuka kwamba sehemu ya kilichobaki ilitakiwa kisheria kuwa dhamana ya noti zilizo mikononi mwa watu. Kilichoweza kutumika kilikuwa kidogo sana.

Tarehe 2 Julai 1997 waliiachia bati. Januari 1998 ilifika karibu 56 kwa dola.

Kwa hiyo Mchungwa, ukiambiwa "akiba inatosha", swali linalofuata ni: ngapi kati ya hizo zimekwisha kuahidiwa mtu mwingine?

---

Bi Hesabu

Niongeze kilichotokea baada ya tarehe 2 Julai, maana watu hushangaa kwa nini bati haikusimama kwenye 30 au 32.

Kampuni iliyokuwa na deni la dola milioni 10 ilikuwa inadaiwa bati milioni 250. Kwenye 32, deni ni milioni 320. Mkurugenzi wa fedha anaona hivyo, anakimbia kununua dola kabla hazijafika 35. Na wenzake wote wanafanya hivyo hivyo asubuhi moja. Ununuzi wao ndio unaoipeleka kwenye 35, kisha 40. Kwenye 56 deni lile lile ni bati milioni 560, na kampuni imekufa. Walanguzi walianza, lakini waliomalizia kazi ni wenyeji wenye madeni waliokuwa wanajiokoa. Siwalaumu, ningekuwa mimi ningefanya hivyo.

Mwezi Agosti lilipokuja fungu la msaada la dola bilioni 17.2 lililoratibiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, ndipo ukubwa wa zile ahadi ulipowekwa wazi.

---

Kilinge

Hili la ahadi zilizofichwa sikulijua. Nakubali kwamba si uchapishaji peke yake. Lakini kwa nini hawakupandisha riba mapema wakawatisha walanguzi?

---

Bi Hesabu

Hapo ndipo wachumi wanabishana mpaka leo. Wapo wanaosema riba ingepandishwa juu mwaka 1996 bati ingepona. Mimi nina shaka. Riba kubwa humvutia mwenye dola pale tu anapoamini nchi itaweza kuihimili. Akiona benki za ndani zitaanguka kwa sababu ya riba hiyo, anaiona kama dalili ya mwisho na anakimbia zaidi. Mwenzangu Mstaafu nadhani ana mtazamo tofauti.

---

Mstaafu wa Dawati

Ninao. Naamini walipaswa kuilegeza bati taratibu mwaka 1995 au 1996, wakiwa bado na dola. Ingeshuka kidogo kidogo, na muhimu zaidi, kampuni zingeacha kuamini kuwa 25 ni ya milele na zingekopa kwa hadhari. Sarafu ambayo haisogei kabisa inawafundisha watu kutojikinga.

---

Bahari7

Swali la haraka. Tunajuaje kama sisi ndio tunashuka au dola ndiyo inapanda dunia nzima?

---

Mstaafu wa Dawati

Ilinganishe sarafu yako na yuro, yeni na sarafu za nchi zinazofanana na yako kwa kipindi kile kile. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Wenye fedha duniani wakazipeleka huko. Septemba 2022 hata yuro ilikuwa chini ya dola moja. Kama wakati ule sarafu yako ilishuka kwa dola lakini ikasimama imara kwa yuro, tatizo kubwa halikuwa lako. Ikiwa ilishuka kwa zote, angalia nyumbani.

---

Mchungwa

Mzee, mtu wa kawaida anaweza kuziona hizo ahadi za benki kuu wapi?

---

Mstaafu wa Dawati

Baada ya msukosuko ule wa Asia, mwaka 1999 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa mfumo wa kutangaza akiba ambao una sehemu maalumu ya ahadi za dola kwa tarehe za mbele. Nchi zinazoufuata hutoa jedwali hilo kila mwezi. Usiishie kwenye mstari wa juu, teremka mpaka kwenye mikataba ya mbele na malipo yanayoiva ndani ya mwaka mmoja. Si nchi zote zinazotoa. Isipotoa, tazama dalili za mtaani: foleni kama ya Mama Vipuri, na tofauti kati ya bei ya ukutani na ya mtaani. Tofauti ya asilimia 1 au 2 ni ya kawaida. Ikifika 10 na inaendelea kukua, bei ya ukutani haitadumu.

---

Jogoo la Alfajiri

Lakini mzee, benki kuu ikitangaza wazi kwamba imebakiwa na kidogo, si ndiyo itawafanya watu wakimbie siku hiyo hiyo? Pengine kuficha kuna busara yake.

---

Bi Hesabu

Ni hoja ya kweli hiyo, na magavana wengi wameifuata kwa nia njema. Mimi naona kuficha kunanunua miezi michache, na wanaoijua siri hiyo kwanza ni wale wale walanguzi wakubwa, kwa sababu wao ndio wako upande wa pili wa mikataba. Anayefichwa ni mwenye kampuni ndogo.

---

Jogoo la Alfajiri

Sijashawishika kabisa dada, lakini nimepata cha kufikiria.

---

Mama Vipuri

Mzee Mstaafu, hujanijibu. Ninunue sasa au nisubiri?

---

Mstaafu wa Dawati

Mama, sitakutabiria bei, maana miaka 19 imenifundisha kwamba sijui. Ila nitakuambia nilichokuwa nawaambia wateja wangu. Usinunue za mwaka mzima kwa mkupuo, utafunga mtaji wako wote, na hofu ikiisha utakuwa umenunua kileleni. Nunua za mzigo ambao umeshapata mteja wake. Muulize mtu wa benki kama anaweza kukuuzia dola za tarehe ya mbele kwa bei ya kukubaliana leo, utalipa kidogo zaidi lakini utajua gharama yako. Na bei unayompa mteja wako iandike kuwa inadumu siku 14, isiwe miezi mitatu. Zaidi ya yote, usikope kwa dola wakati wateja wako wanakulipa kwa sarafu ya nyumbani, hata riba ikiwa nusu.

---

Mama Vipuri

Hilo la mwisho limenigusa. Kuna mtu alinipa mkopo wa dola wiki iliyopita kwa riba ndogo na nilikuwa nakaribia kusaini. Kesho naenda benki kuuliza hizo za tarehe ya mbele. Nitarudi hapa kuwaambia walichojibu.

---

Mama Vipuri

Nimerudi. Wamekubali kwa theluthi moja tu ya kiasi nilichoomba, kwa miezi miwili. Nyingine wanasema wao wenyewe hawana uhakika wa kuzipata. Msambazaji wangu amekubali kugawa ankara mara tatu. Ule mkopo wa dola nimeuacha.

---

Bahari7

Mama Vipuri, nimemwonyesha bosi uzi huu. Amekataa kubadili msimamo, anasema tutauza mwisho wa mwezi kama kawaida.